Je, wajua kwa nini "kuonyesha tofauti" si jibu?

"Mwalimu, swali lilisema tueleze athari ya mshairi kuweka pamoja vitu vinavyopingana. Nikaandika kwamba ameweka utajiri na uharibifu pamoja ili kuonyesha tofauti. Nimepewa alama 1 kati ya 4. Nimekosea wapi?"

Hujakosea, umeishia njiani. Hiyo alama 1 ni ya macho: umeona kwamba vitu ni viwili na kwamba vinapingana. Lakini ukisema vimewekwa pamoja ili tofauti ionekane, umezunguka ukarudi pale pale, maana cheupe kikikaa karibu na cheusi, tofauti itaonekana tu, hata kwa mtu ambaye hajalisoma shairi. Msahihishaji alitaka kujua tofauti hiyo inamfanya nini msomaji, na ni neno gani ndani ya shairi linalofanya kazi hiyo.

Tuchukue mfano ambao umetungwa zaidi ya miaka 200 iliyopita na bado unatufundisha. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika shairi lake Al-Inkishafi, anausemesha moyo wake mwenyewe kuhusu dunia na hadaa yake. Ushahidi anaoutoa ni mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, na matajiri wake waliokwisha kwenda. Anapoingia ndani ya majumba yao anasema:

Madaka ya nyumba ya zisahani
Sasa walaliye wana wa nyuni
Bumu hukoroma kati nyumbani
Zisiji na kotwe waikaliye

Lugha ni ya huko huko Pate na Lamu, kwa hiyo tuisogeze kidogo. Madaka ni vile vidaka vya ukutani, visanduku vilivyotengenezwa kwa chokaa safu juu ya safu katika nyumba za mawe, ambamo wenyewe walipanga visahani vya kauri kutoka Uchina ili mgeni akiingia avione. Nyuni ni ndege, bumu ni bundi, na zisiji na kotwe nao ni ndege. Yaani vidaka vya visahani sasa wamelala wana wa ndege, bundi anakoroma katikati ya nyumba, na ndege wengine wamejikalia.

Sasa tazama mstari wa kwanza na wa pili kwa karibu. Vitu kinzani ni visahani na wana wa ndege. Lakini ngoja kwanza: kwani visahani na ndege vinapingana? Sokoni havipingani. Ukiandika "sahani" na "ndege" ubaoni, hakuna atakayeona mvutano wowote. Vinapingana hapa kwa sababu vinagombea kitu kimoja, nacho ni kidaka. Kidaka hakikubomoka, hakikuhama, kipo pale pale na ukubwa wake ule ule. Kilichobadilika ni aliyemo. Hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu watafute kitu cha tatu kabla ya kuandika chochote. Ukinzani wenye nguvu huwa na mahali ambapo pande mbili zinakutana: kidaka, meza, jina, siku moja, neno linalorudiwa. Ukikosa kukiona kitu hicho, maelezo yako yatabaki "upande huu tajiri, upande huu maskini", na huko ndiko alama zinakoishia.

Ukishakipata kitu cha tatu, tazama kiungo. Hapa ni neno moja tu, "sasa", na limewekwa mwanzoni kabisa mwa mstari wa pili. Ona pia kwamba mstari wa kwanza hauna kitenzi. Mshairi hakusema vidaka "vilikuwa" na visahani. Ametaja vidaka vya visahani kana kwamba visahani bado vipo, nawe msomaji ukaviona vimepangwa, vinang'aa. Kisha "sasa" inakuja na kuviondoa. Kati ya mstari na mstari hakuna vita, hakuna njaa, hakuna hata kufa. Miaka yote ya kuporomoka kwa nyumba ile imemezwa na pumzi moja ya msomaji. Hiyo tayari ni athari unayoweza kuiandika: mpito wa ghafla unamfanya msomaji apoteze kitu alichokuwa ametoka tu kukiona, badala ya kuarifiwa kwamba wengine walikipoteza.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii inayofuata, na ndiyo wengi wanaipita. Ukiwauliza wanafunzi wanasema mshairi ameweka uhai wa zamani karibu na ukiwa wa leo. Soma tena. Kidaka si kitupu. Kimejaa! Kina vifaranga, tena vimelala. Bundi anakoroma, kama mzee wa nyumba baada ya chakula cha mchana. Ndege wengine wamejikalia. Vitenzi vyote vitatu, kulala, kukoroma, kukaa, ni shughuli za mtu aliye kwake. Mshairi angeweza kutaja vumbi na nyufa peke yake, tukahuzunika, basi. Badala yake ametuonyesha nyumba yenye amani na watoto, ila watoto si wa wenye nyumba. Kwa hiyo ukinzani hapa si kati ya uhai na mauti. Ni kati ya wenyeji wa jana na wenyeji wa leo, na kinachouma ni jinsi wa leo walivyotulia. Nyumba haiwalilii waliojenga.

Neno "wana" nalo linagusa, kwa sababu katika nyumba ya fahari mtu angetarajia wana wa mwenye mji. Lakini hapa nenda taratibu. Mahali pengine katika shairi hilo hilo anasema "makinda ya popo", kwa hiyo neno "makinda" alikuwa nalo, na mtu angetaka kuandika kwamba "wana" limechaguliwa makusudi. Hesabu mizani: kila mshororo una 6 na 5, na "wana wa nyuni" ni 5 kamili, ilhali "makinda ya nyuni" ingekuwa 6. Huenda vipimo ndivyo vilivyoamua. Usiandike "mshairi alikusudia". Andika kwamba neno "wana" linaacha mwangwi wa watoto wa nyumba hiyo ambao hawatajwi. Hilo lina ushahidi kwenye karatasi, na hakuna msahihishaji wa kulipinga.

Kuna jaribio rahisi la kujua kama umeuelewa ukinzani: geuza mpangilio. Vidaka vya ndege, sasa visahani. Ghafla tuna hadithi ya mtu aliyenunua gofu Lamu na kulifanya nyumba ya wageni. Vitu ni vile vile, tofauti ni ile ile, lakini hisia imekuwa ya matumaini, au ya biashara. Hii inathibitisha kwamba athari haikai katika tofauti yenyewe. Inakaa katika kipi kimetangulia na msomaji ameachwa na kipi mkononi. Katika ubeti wetu tunaachwa na ndege.

Tena si lazima pande mbili ziguse bega kwa bega. Beti kadhaa kabla ya hapo, mshairi amesema "Nyumba zao mbake zikinawiri", kwa taa za kioo na za shaba, hata usiku ukawa kama mchana. Baadaye anaanza ubeti mwingine kwa maneno yale yale, "Nyumba zao mbake", na sikio linatega taa. Linachopata ni "ziwele tame", zimekuwa mahame. Kitu cha tatu hapa ni nusu mshororo, mizani 6 zilizorudiwa, na umbali uliopo katikati unasaidia: tulikuwa tumeanza kuzoea taa. Ukitaja mfano wa aina hii katika jibu, sema wazi kwamba pande mbili zimetenganishwa na kwamba zimeunganishwa na mwanzo unaofanana, vinginevyo msomaji wako atadhani umeokota tu mistari miwili uliyoikumbuka.

Kwenye tamthilia au hadithi mambo ni hayo hayo, ila badala ya neno utatafuta ukuta, dirisha au sauti. Tuseme onyesho lina nyumba mbili zinazopakana. Upande wa kulia kuna harusi na taarabu, upande wa kushoto wanasoma hitima. Usikimbilie kuandika "furaha na huzuni". Uliza nani anasikia nini. Kama wafiwa wanasikia taarabu na wenye harusi hawasikii kisomo, tunawaona wenye harusi kuwa wamejisahau, na onyesho lina kejeli. Kama bibi harusi ndiye pekee anayesimama na kusikiliza, huruma yote inahamia kwake. Kama kila upande unasikia mwingine na wote wanaendelea, tumepata mtaa uliozoea. Hivyo ni vitu viwili vile vile na athari tatu. Kinachoamua ni ule ukuta na sauti inayopita ndani yake.

Jambo dogo la majina, maana linawagharimu watu bure. Tabaini, ile ya "si mvua, si jua", ni msisitizo kwa kukanusha, haihusiki hapa. "Wagombanao ndio wapatanao" ni ukinzani uliobanwa ndani ya kauli moja inayodai kuwa kweli, wengine huiita tanakuzi. Tunachozungumzia sisi ni picha mbili kamili zilizowekwa karibu, kila moja inasimama yenyewe. Ukisahau istilahi, eleza tu kinachofanyika.

Sasa jibu kama lako, likiandikwa upya kwa mfano wetu wa vidaka, lingeweza kuwa hivi:

"Mshairi anataja vidaka 'ya zisahani' bila kitenzi, hivyo tunaviona bado vimejaa, kisha neno 'sasa' linaviondoa na kuweka 'wana wa nyuni' mahali pale pale. Kwa kuwa kidaka ni kile kile, tunahisi kwamba wenyeji wamebadilishwa. Ndege wanalala na bundi anakoroma kama wenye nyumba, na utulivu huo unaufanya msiba uwe mkali zaidi kuliko magofu matupu. Moyo anaousemesha mshairi haukemewi hapa, unaonyeshwa kidaka."

Ni sentensi nne, na neno "tofauti" halimo. Ukiwa na haraka ndani ya chumba cha mtihani, sentensi ya kwanza na ya pili usiziache. Ya tatu ndiyo inayotenganisha alama 3 na 4. Ile ya mwisho niliiongeza kwa sababu naipenda, unaweza kuiondoa.