Mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake: kiatu unanunua cha upi?

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja hapa ninapotengeneza viatu vya tiba, kucha ya kidole gumba cha kulia imekuwa nyeusi, na wa kushoto hauna shida kabisa. Anavaa 39 miaka yote. Nikamuuliza viatu unajaribu vipi, akasema mitumba bwana, muuzaji anatundika cha kushoto, kikiingia nalipa. Basi hapo hapo nikajua.

Nikampima. Kushoto milimita 243, kulia 250.

Watu wengi sana wako hivyo, mwili haukui kwa kulingana pande zote, mifupa ya mguu mmoja inaweza kumaliza kukua ikiwa mirefu kidogo na hiyo wala sio ugonjwa. Ila kuna tofauti inayokuja ukubwani: upinde wa chini ya mguu ukilala upande mmoja, labda kano za kifundo zimechoka au uliwahi kuumia, mguu unarefuka na kupanuka. Yeye hivyo ndivyo ilivyokuwa, akisimama upinde wa kulia unakaribia kugusa sakafu. Na usiamini kwamba wa kulia ndio lazima uwe mkubwa kwa sababu unatumia mkono wa kulia, pima tu.

Kupima ni jioni, miguu imeshajaa kidogo, na usimame maana ukikaa mguu unajikunja. Karatasi chini, kisigino kiguse ukuta, penseli iwe wima kabisa kwenye kidole kirefu kuliko vyote (wengine ni cha pili, sio gumba), ukiilaza inaingia chini ya kidole unapoteza milimita kadhaa. Miguu yote miwili.

Sasa saizi za Ulaya zinapishana kama milimita 6.7 hivi, kwa hiyo zile 7 zake ni saizi nzima! Wa kushoto 39 sawa, wa kulia unataka 40. Unanunua ya mguu mkubwa, siku zote, maana kiatu kikubwa kidogo unaweza kukijaza lakini kidogo kinakula kucha.

Akachukua 40 ya kamba. Kushoto nikaweka soli nyembamba ya ndani, kisigino bado kikawa kinapanda akitembea, nikabandika kipande cha sponji chini ya ulimi wa kiatu, kinausukuma mguu nyuma, kikatulia. Wengi wanajaza pamba kwenye ncha, mimi sikubali kabisa, mguu unateleza mbele na kisigino kinazidi kucheza.

Tofauti ikizidi saizi moja na nusu hivi, kujaza hakusaidii tena, bora pea mbili au utengenezewe. Na mguu mmoja ukivimba ghafla ndani ya siku chache, una joto au unauma, hasa kama una kisukari, hapo usipime kiatu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.