Je, wajua kwa nini mtoto mwenye njaa isiyokwisha hupigwa sindano za kukua?

"Mtoto wangu ana miaka mitatu na nusu, tunakaa Kadutu, Bukavu. Damu yake ilipelekwa mbali kupimwa, jibu likarudi: Prader-Willi. Wametuambia kadiri anavyokua hatajua tena kushiba. Sasa daktari anataka apigwe sindano ya homoni ya ukuaji kila jioni. Kama shida yake ni njaa, urefu unaingilia wapi?"

Mama, sindano hiyo haigusi njaa hata kidogo, na ni heri ulijue hilo kabla ya chupa ya kwanza kununuliwa. Urefu utaongezeka, ndiyo, lakini kinachotafutwa zaidi ni misuli.

Rudi kidogo nyuma, kwenye wiki zake za kwanza. Watoto wenye hali hii huzaliwa wakiwa walegevu. Kilio ni chembamba, na wakiwekwa kwenye ziwa hunyonya mara mbili tatu kisha huchoka na kulala. Bibi akimbeba mgongoni kwa kitenge, huona tofauti kabla ya daktari: mtoto mwingine hubana mbavu za anayembeba kwa mapaja yake, huyu huteleza chini kama nguo iliyolowa, na kichwa kinaning'inia. Wengi hulazimika kulishwa kwa mpira unaopitishwa puani. Ajabu ya ugonjwa huu ndiyo hiyo: mtoto ambaye baadaye atavunja kabati kutafuta chakula ndiye yule yule aliyekuwa akibembelezwa anyonye.

Andrea Prader, Alexis Labhart na Heinrich Willi waliueleza ugonjwa huu huko Zurich, Uswisi, mwaka 1956. Chanzo chake kilikuja kujulikana baadaye, nacho kiko kwenye kromosomu ya 15. Kila mtu ana mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika kipande kimoja kidogo cha kromosomu hiyo, jeni za upande wa mama huwa zimenyamazishwa kwa kila binadamu, na kazi yote hufanywa na nakala ya baba. Kwa mtoto huyu nakala ya baba haipo pale. Mara nyingi kipande hicho kimekatika. Kwa wengine mtoto alipokea kromosomu mbili za 15 kutoka kwa mama na hakupata ya baba. Kwa sehemu kubwa hutokea kwa bahati tu wakati mimba inapotungwa. Hakuna chakula ulichokula wala kazi uliyoifanya ukiwa mjamzito iliyosababisha, na si laana ya ukoo wa mtu yeyote. Nalisema kwa sababu najua maneno yanayopita uani mtoto kama huyu anapozaliwa. Ila ipo aina adimu ambayo inaweza kurudi kwa mtoto mwingine, kwa hiyo muulize daktari karatasi ya majibu inaonyesha aina gani.

Jeni hizo zikikosekana, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipothalamasi haifanyi kazi sawasawa. Hiyo ndiyo inayotoa habari ya kushiba. Ndiyo pia inayoiamuru tezi iliyo chini ya ubongo imwage homoni ya ukuaji. Kwa mtu mwenye afya, homoni hiyo hutoka kwa wingi usiku katika usingizi mzito, huenda kwenye ini, na ini hutengeneza kitu ambacho maabara hukiandika IGF-1, kinachofanya mifupa irefuke na misuli ijengeke. Homoni yenyewe pia huyeyusha mafuta. Kwa mtoto wako amri hutoka dhaifu. Basi anabaki mfupi, na hata akiwa mwembamba wa kuonekana, ndani mwili wake una mafuta mengi na misuli kidogo.

Hapo ndipo urefu, misuli na njaa vinapokutana. Misuli ndiyo inayochoma chakula. Mwenye misuli michache huchoma kidogo, kwa hiyo mtoto huyu hunenepa kwa sahani ambayo mwenzake wa umri huo ingemwacha na njaa. Pengine umeshaliona hilo: kati ya miaka miwili na minne hivi uzito hupanda ingawa hajaanza bado kula kupita kiasi. Hamu kubwa hufuata baadaye, na ile njaa isiyotulia kabisa huwa imekomaa kufikia miaka minane hivi. Sindano inakuja kujenga misuli kabla ya siku hizo. Marekani iliiruhusu kwa watoto hawa mwaka 2000, na kwenye karatasi sababu ilikuwa kudumaa. Lakini waganga waliozoea kuwatibu hufurahia zaidi kuona mtoto anakaa, anatambaa na kupanda ngazi. Ndiyo maana siku hizi wengi huanza mtoto akiwa bado hajatimiza mwaka. Kwa mtoto wako hamjachelewa.

Tuchukue mfano wa mtoto wa umri wake mwenye urefu wa sentimita 90 na uzito wa kilo 14.4. Kipimo cha dawa hufuata eneo la ngozi ya mwili mzima. Daktari huzidisha urefu kwa uzito, anapata 1,296. Hugawanya kwa 3,600, anapata 0.36, kisha hutafuta kipeuo cha pili chake, anapata mita ya mraba 0.6. Kiwango kamili ni miligramu 1 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani kwake miligramu 0.6. Lakini haanzi hapo. Huanza na nusu, miligramu 0.3 kila jioni, kisha hupandishwa taratibu kwa miezi mitatu hadi sita. Akikua, hesabu hurudiwa.

Kwa nini nusu? Baada ya dawa kuruhusiwa, viliripotiwa vifo vya ghafla vya watoto wachache katika miezi ya mwanzo ya matibabu, wengi wao wanene mno au wenye tatizo la kupumua. Watoto wenye Prader-Willi tayari wana koo jembamba na misuli milegevu ya kupumulia. Homoni inaweza kukuza tonsili na nyama zilizo nyuma ya pua, na kuufanya mwili ushike maji, njia ya hewa ikabanwa usiku. Kwa hiyo kabla ya kuanza, koo hukaguliwa na usingizi hupimwa usiku kucha kwa mashine, kisha kipimo hicho hurudiwa ndani ya miezi mitatu hadi sita. Mtoto mnene kupita kiasi, mwenye pumzi inayokatika sana usingizini bila kutibiwa, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, hapewi sindano hadi hayo yatengenezwe.

Nyumbani mashine yako ni sikio. Kaa kando ya kitanda chake usiku mmoja kabla ya sindano ya kwanza, uzoee anavyopumua. Baadaye ukisikia mkoromo ambao haukuwapo, au kimya cha sekunde kadhaa kinachokatishwa na pumzi ya kushtuka, au akianza kusinzia mchana kuliko kawaida yake, mpigie daktari kabla ya kupiga sindano inayofuata.

Sindano yenyewe ni ndogo, huingia chini ya ngozi ya paja, tako au tumbo, na mahali hubadilishwa kila siku ili ngozi isiingie shimo. Jioni huchaguliwa kwa sababu ndio wakati mwili wenyewe humwaga homoni hiyo. Kinachosumbua huku kwetu ni friji. Dawa nyingi za aina hii hutaka nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika siku nzima, mtu hukimbilia barafu. Usiilaze dawa juu ya barafu! Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ifunge kwa kitambaa kizito, iwe ndani ya termosi pana, barafu ikae upande wa pili. Soma pia karatasi iliyomo kwenye boksi, kwa kuwa baadhi huvumilia siku kadhaa nje ya friji na nyingine hazivumilii.

Kila baada ya miezi kadhaa damu huangaliwa: IGF-1, sukari, na homoni ya tezi ya shingo. IGF-1 ikipita mpaka wa umri wake, dozi hupunguzwa. Kuongeza dozi ili arefuke haraka ni kosa. Mgongo nao hutazamwa, maana watoto hawa wengi hupinda uti wa mgongo, wapigwe sindano au wasipigwe. Mvue shati, mwinamishe mbele, utazame kama upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine. Na dawa ikisimamishwa, misuli hupungua na mafuta hurudi. Ni matibabu ya miaka mingi na ni ghali, kwa hiyo pigeni hesabu hiyo kama familia kabla ya kuanza. Asiyeimudu hajakosa tiba yote, kwa sababu nguzo ya matibabu, kwa mwenye sindano na asiye nayo, ni jikoni.

Huko kazi ni yenu. Bugali wake upimwe kwa kikombe kile kile kila siku, sombe na lenga-lenga ziwe nyingi sahanini, mafuta kidogo. Ajue saa ya kula na ajue kwamba hakuna nyongeza. Watoto hawa hutulia zaidi wakiwa na uhakika kuliko wakiwa na matumaini. Weka kufuli kabatini sasa, kabla hajaanza kutafuta, aizoee kama sehemu ya nyumba. Sambaza zisianikwe pale anapocheza. Jirani anayempa andazi kwa huruma aelezwe kwa upole lakini waziwazi, na mwalimu vilevile. Mwaka 2025 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya kutuliza njaa hii, kwa walio na miaka minne na kuendelea. Lakini nayo haiondoi kufuli.

Jambo moja zaidi, na hili mweleze kila mtu anayemlea. Watoto wenye Prader-Willi hutapika kwa nadra sana, na maumivu huyasikia kwa shida. Tumbo lililojaa kupita kiasi linaweza kufa sehemu ya ukuta wake, hata kupasuka, bila mtoto kulia. Siku atakayotapika, au tumbo kuvimba, au huyu mwenye njaa ya kila saa akisukuma sahani na kusema hataki, msifurahi kwamba sindano imeanza kufanya kazi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mwambieni mganga wa zamu ana ugonjwa gani kabla hajamgusa tumbo.