Jamani, daftari la makusanyo siyo daftari la ahadi

Naona watu wanaliita "daftari la sadaka" kitu chochote chenye mistari kilichoko mezani kwa mtunza hazina, halafu wakishachanganya jina wanachanganya na hesabu, na mwisho wa mwezi ugomvi unaanza. Hapa naongelea sharika zetu za KKKT manake ndo ninazozijua, ila najua na wengine mna lenu.

Kwa kifupi: daftari la makusanyo ni lile kubwa la kuchora kwa rula, kila wiki ina mstari wake na kila aina ya sadaka ina safu yake. Kushoto tarehe ya Jumapili, halafu sadaka ya kawaida (ile ya kikapu), ahadi za bahasha, fungu la kumi, shukrani, jengo, mnada, na zile maalumu ambazo haziishii kwenu zinapelekwa dayosisi, mwisho kulia jumla. Ukijumlisha kwa kulala unapata ya wiki, ukijumlisha kwa kusimama unapata ya aina hiyo kwa mwezi, na jumla ya safu zote lazima ilingane na jumla ya wiki zote, isipolingana kuna namba mmeikosea au mmeiruka. Basi, maana yake ndo hiyo.

Sasa kinachoniudhi ni neno ahadi. Lile neno linakaa sehemu mbili na watu wanalichukulia kama ni kitu kimoja. Kuna ahadi kama mtu alivyoijaza kwenye kadi mwanzo wa mwaka, mfano bahasha namba 47 kaandika atatoa 5,000 kila wiki, hiyo inakaa kwenye kitabu cha ahadi ambako kila mwenye bahasha ana ukurasa wake. Halafu kuna ahadi ile safu ya kwenye daftari la makusanyo, ambayo siyo alichosema atatoa bali ni noti zilizotoka ndani ya bahasha zikahesabiwa Jumapili hiyo. Kitabu cha kwanza kinasema nani kaahidi nini na kafikia wapi, daftari la pili halijui mtu, linajua hela iliyoingia na siku iliyoingia.

Ndo maana huyo wa 47 akisafiri mwezi mzima akarudi na bahasha nne kwa mpigo, 20,000, mwandishi wa daftari anaandika 20,000 yote kwenye Jumapili aliyoileta. Asirudi nyuma kuigawa kwenye wiki zilizopita! Kwenye ukurasa wake binafsi ndo anajaziwa vyumba vinne ili asionekane anadaiwa. Nimeona mtu kafungua wiki zilizokwishafungwa na kusainiwa akaanza kuongeza tano tano, kwa nia nzuri kabisa, matokeo yake daftari halifanani tena na karatasi za benki za wiki hizo na kila mkaguzi anayekuja anauliza hii namba imebadilishwa lini.

Lakini hiyo ni ndogo. Kubwa ni harambee. Chukua mfano wa usharika unaoezeka, siku ya harambee watu wamechangamka, taslimu iliyopatikana ni 640,000 na waliosimama kuahidi jumla yao 2,360,000. Mshereheshaji anatangaza "tumekusanya milioni tatu!" vigelegele, na mwandishi kwa furaha anaandika 3,000,000 kwenye safu ya jengo, wiki ya kwanza. Wiki ya pili walioahidi wanaanza kulipa, inaingia 310,000, wiki ya tatu 180,000, ya nne 95,000, na kila mara anaandika palepale kwenye jengo kwa sababu ni hela ya jengo kweli. Mwisho wa mwezi daftari linasoma 3,585,000. Benki iko 1,225,000.

Hapo sasa ndo mtunza hazina anaanza kuangaliwa vibaya, mtu wa watu hajagusa hata senti. Ila kabla ya kumwita mtu mwizi toa moja kwa nyingine, unapata 2,360,000, yaani zile ahadi za siku ya harambee zenyewe, bila kupungua hata mia. Tofauti ikija imelingana hivyo na ahadi zilizotangazwa, jua kosa ni la kalamu: ahadi iliandikwa kama hela, halafu ile iliyolipwa ikaandikwa tena mara ya pili. Wizi ni nadra kuja na namba nadhifu namna hiyo, tofauti ya wizi mara nyingi haifanani na kitu chochote kwenye kitabu.

Ilivyotakiwa ni kwamba wiki ya kwanza safu ya jengo inaandikwa 640,000 tu. Zile 2,360,000 zinaenda kwenye kitabu cha ahadi, jina, kiasi na tarehe aliyosema atamaliza. Kila anayelipa, hela yake inaandikwa kwenye daftari la makusanyo wiki hiyo na kwenye ukurasa wake inapunguzwa, kwa hiyo mwisho wa mwezi daftari lingesema 1,225,000 sawa na benki, na kitabu cha ahadi kingesema wamelipa 585,000 bado 1,775,000. Fundi akiuliza bati zinunuliwe lini, anajibiwa kwa ile 1,225,000, hii 1,775,000 siyo ya kununulia kitu.

Mnada nao ni hivyohivyo. Jogoo kapigwa mnada baada ya ibada kafika 25,000, aliyeshinda kamchukua anasema nitatuma kwa simu jioni. Jogoo kaondoka, sawa, ila 25,000 haijaingia mpaka imeingia, iandikwe pembeni kwenye orodha ya wanaodaiwa.

Na hata bahasha yenyewe isiaminiwe kwa nje. Imeandikwa 10,000, mkiifungua mnakuta 5,000, hutokea sana na mara nyingi mtu kakosea tu nyumbani. Kinachoandikwa ni kilichomo ndani, wahesabuji wawili wanaandika kiasi halisi juu ya bahasha na kusaini, na bahasha inatunzwa angalau mpaka mwezi ufungwe ili mwenyewe akiuliza aonyeshwe. Ukikosea namba kwenye daftari, kata mstari mmoja ile ya zamani ionekane, andika sahihi juu yake na uweke saini. Ukifuta kwa ile rangi nyeupe umeshajitafutia maswali, hata kama namba ya chini ilikuwa ya bure kabisa.

Kuna wanaosema kuweka vitabu viwili ni kujisumbua, usharika wetu mdogo. Sawa, mkiwa wachache mnaweza kutumia daftari moja, ila geuzeni nyuma, ahadi zianzie kurasa za mwisho na makusanyo yaanzie mbele, zisikutane kwenye safu moja.

Kwa hiyo mzee wangu wa kanisa unayesoma matangazo, siku ya harambee huhitaji kupunguza shangwe ya watu, ongeza sentensi moja tu: "zilizopokelewa ni 640,000, zilizoahidiwa ni 2,360,000." Milioni tatu watajumlisha wenyewe wakiwa wanaelekea nyumbani.