Lita Moja ya Mafuta Si Kilo Moja

"Chupa ya mafuta ya lita 1 ni shilingi 340 na kopo la kilo 1 ni shilingi 360. Si chupa ndiyo nafuu?"

Hapana, kwa sababu lita hupima ujazo na kilo hupima uzito, na mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji: lita moja ina uzito wa takriban gramu 920 tu. Kabla ya kulinganisha, zidisha bei ya kilo kwa 0.92 ili upate bei ya lita. Kopo hilo linatoka shilingi 331 kwa lita, yaani limeishinda chupa kwa shilingi 9, ingawa kwenye rafu lilionekana ghali.

Macho nayo hudanganya, maana chupa yenye kitako kilichobonyea ndani huonekana kubwa kuliko ilivyo. Soma maandishi madogo ya ujazo, ambayo mara nyingine ni mililita 900, wala si 1,000. Hapo gawanya bei kwa 900, kisha zidisha kwa 1,000: chupa ya shilingi 315, iliyoonekana rahisi kuliko zote, inafikia shilingi 350 kwa lita. Kipimo cha 0.92 ni cha mafuta pekee. Asali, kwa mfano, ni nzito, na lita yake hukaribia kilo 1.4.