Kibodi ya Bluetooth inapomeza herufi: tafuta kwanza nani aliyelala

Wateja wengi wanaoniletea kibodi ya Bluetooth dukani, hapa katikati ya jiji, huwa wameshabadilisha betri na kuiunganisha upya mara kadhaa, na baada ya siku mbili shida imerudi. Kuunganisha upya husaidia tu pale kumbukumbu ya muunganisho ilipoharibika. Mara nyingi shida iko kwingine, na njia ya kuipata ni kuangalia herufi zinapotea lini.

Chukua mfano wa mama mmoja wa Pangani anayechapa tasnifu za wanafunzi. Laptopu yake ina Ubuntu. Aliniambia, "Fundi, nikitoka kupokea simu, nikirudi maneno ya kwanza hayaingii. Halafu usiku nikinakili kazi kwenye diski, herufi zinaruka katikati ya sentensi." Hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na la kwanza. Katika muunganisho huu kuna wawili wanaoweza kulala: kibodi yenyewe, ili itunze betri, na kifaa cha Bluetooth kilicho ndani ya kompyuta, ambacho mfumo hukikatia umeme kikikaa bila kazi. Kumjua aliyelala, unganisha pia mausi ya Bluetooth. Acha vyote viwili vitulie kama robo saa kompyuta ikiwa macho, kisha sogeza mausi kabla ya kugusa kibodi. Mausi ikiitika mara moja na kibodi ikachelewa, kibodi ndiyo iliyolala. Zote mbili zikisitasita, shuku kompyuta, hasa ikiwa shida huzidi stima ikipotea na laptopu ikabaki kwenye betri, maana hapo ndipo mifumo mingi hubana umeme zaidi.

Kwa yule mama, zote mbili zilisitasita. Kwenye Ubuntu tulizuia usingizi huo kwa amri hii, kisha tukawasha mashine upya:

```
echo "options btusb enable_autosuspend=n" | sudo tee /etc/modprobe.d/btusb.conf
```

Baada ya kuwasha, hakikisha imeshika. Jibu linapaswa kuwa `N`:

```
cat /sys/module/btusb/parameters/enable_autosuspend
```

Mwenye Windows afungue Device Manager, abonyeze mara mbili jina la kifaa chake cha Bluetooth, aende Power Management na kuondoa alama kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Laptopu nyingine mpya hazina ukurasa huo kabisa. Gharama ya hatua hii ni chaji kidogo zaidi, na kwa mtu anayeishi kwa kuchapa, mimi naona inafaa.

Kuna dalili nyingine inayofanana na hii: kibodi imeamka, taa yake inapepesa, lakini hairudi mpaka ubonyeze "Connect" kwenye skrini. Kwenye Linux, kagua kama kifaa kimeaminiwa. Kibodi ikiamka ndiyo hupiga hodi, na kompyuta isiyoiamini inaweza kuikataa. Ingia `bluetoothctl`, andika `devices` upate anwani yake, kisha `trust` ikifuatwa na anwani hiyo.

Sasa zile herufi za usiku. Bluetooth hutumia mawimbi ya takriban megahazi 2400 hadi 2480, eneo lile lile la Wi-Fi ya 2.4 GHz. Katika jengo la ghorofa ambapo karibu kila nyumba ina rauta, eneo hilo limejaa. Lakini kilichomtesa mama huyu kilikuwa mezani pake. Diski ya USB 3 pamoja na waya wake hutoa kelele inayoangukia humo humo, na yake ilichomekwa sentimita chache kutoka kibodi. Ujumbe ukizibwa, kibodi hurudia kuutuma. Foleni ikijaa, herufi hupotea. Na taarifa ya kuachilia kitufe ikichelewa, kompyuta hudhani bado umekibonyeza, ndipo unaona "aaaaaa".

Jaribio lake ni rahisi: chapa aya moja diski ikinakili, kisha ichomoe kwa utaratibu na uchape aya ile ile. Yake ilipona palepale. Tulihamishia diski upande wa pili wa laptopu, tukaisogeza mbali na kibodi kadiri waya ulivyoruhusu, na Wi-Fi tukaipeleka kwenye 5 GHz ili Bluetooth ipate nafasi.

Kilichobaki ni usingizi wa kibodi yenyewe, na huo hauondoki kwa kugusa kompyuta. Muda wake umewekwa ndani ya kibodi na watengenezaji, na ni chache zinazokuruhusu kuubadilisha. Ukirudi mezani, bonyeza Shift, ambayo haiandiki chochote, subiri taa itulie, kisha endelea kuchapa.