"Atapasuliwa mwaka huu, tuchukue mpango wa kujilipia kidogo": dhana inayokula pesa za familia

Nimeisikia tena wiki hii. Mama mmoja, ambaye mumewe anangoja kutolewa mawe pamoja na mfuko wa nyongo, alikuwa ameshatia alama kwenye fomu ya bima ya afya: mpango wenye ada kubwa na kiasi kidogo cha kujilipia kwanza, yaani pesa ambazo familia hutoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. "Si anapasuliwa? Hapo hakuna cha kufikiria." Nikamwomba kalamu, nikageuza fomu upande wa nyuma, tukapiga hesabu.

Dhana: Familia yenye upasuaji ichague mpango wenye kiasi kidogo cha kujilipia.

Ukweli ni kwamba kiasi hicho ni tarakimu moja kati ya nne. Ipo ada ya bima, ipo asilimia mnayoendelea kuchangia baada ya kumaliza kiasi cha kwanza, na kipo kikomo cha mwaka ambacho mkishakifikia, kampuni inabeba bili zote zilizobaki zinazofunikwa na bima. Upasuaji mkubwa huwasukuma moja kwa moja hadi kwenye kikomo. Mkifika huko, ukubwa wa kiasi cha kwanza hauna maana tena. Linganisheni ada ya mwaka mzima pamoja na kikomo.

Hesabu yetu ilikuwa hivi, na inafanya kazi kwa sarafu yoyote. Mpango wa kwanza una ada ya 300 kwa mwezi, kujilipia 3,000, kuchangia asilimia 20, na kikomo cha 6,000. Wa pili una ada ya 500 kwa mwezi, kujilipia 1,000, asilimia ileile, na kikomo cha 4,000. Makadirio ya bili yote, pamoja na daktari wa usingizi na siku za kulazwa, ni 20,000.

Katika mpango wa kwanza familia inalipa 3,000, kisha asilimia 20 ya 17,000 zilizobaki, yaani 3,400. Jumla ni 6,400, lakini kikomo kinaikata kwenye 6,000. Ongeza ada ya mwaka, 3,600, unapata 9,600. Katika mpango wa pili inalipa 1,000, kisha 3,800. Kikomo kinaikata kwenye 4,000. Ongeza ada, 6,000, unapata 10,000.

Yule mama aliitazama karatasi kimya, akarudia kujumlisha mwenyewe. Mpango aliouchagua kwa sababu ya upasuaji ulikuwa ghali kwa 400, upasuaji ukiwemo. Upasuaji ukiahirishwa na wasiugue kabisa, tofauti inafika 2,400. Kwa ada hizo hakuna bili, ndogo wala kubwa, inayoweza kuupa ushindi mpango wa pili: unawaokolea 2,000 tu hata mambo yakiwa mabaya kiasi gani, na wameshaulipia 2,400 zaidi.

Sisemi kwamba mpango wa kujilipia kikubwa hushinda daima. Ada ya ule wa pili ingekuwa 450, jumla yake ingeshuka hadi 9,400 na ungeshinda kwa 200, ila kwa bili inayozidi 17,000 tu. Ndiyo maana nakasirika mtu akichagua kabla ya kuomba makadirio ya hospitali kwa maandishi. Sababu moja ya kulipa zile 400 za ziada naikubali: familia isiyo na akiba ya kutoa 6,000 kwa mkupuo, ambayo inamudu ada kubwa kila mwezi.

Dhana: Kikomo kinahesabu kila tunachotoa.

Hapana. Ada haihesabiwi humo. Bili ya daktari asiye kwenye orodha ya kampuni mara nyingi haihesabiwi pia, au ina kikomo chake kikubwa zaidi. Hospitali inaweza kuwemo na daktari wa usingizi asiwemo, kwa hiyo ulizeni kwa jina la kila mmoja.

Dhana: Kiasi cha familia na cha mtu mmoja ni kitu kilekile.

Someni masharti. Kuna mipango ambayo mgonjwa akishafikisha kiasi chake peke yake, bima inaanza kumlipia. Kuna mingine inayongoja kiasi cha familia nzima kitimie, hata kama anayetibiwa ni mmoja. Kwenye hesabu yetu tarakimu zilikuwa za mgonjwa mmoja. Zingekuwa za familia nzima kwenye mpango mmoja tu, jibu lingeweza kugeuka.

Dhana: Tarehe ya upasuaji haihusiki.

Mwaka wa bima ukiisha, hesabu inaanza upya kwenye sifuri. Anayepasuliwa wiki ya mwisho, kisha akarudi kwa vipimo na mazoezi ya viungo mwezi unaofuata, anaanza kujilipia tena. Kama daktari anakubali kusubiri bila hatari, wekeni upasuaji mwanzoni mwa mwaka wa bima. Ila kwanza thibitisheni kama mpango mpya una kipindi cha kungoja kwa ugonjwa unaojulikana tayari. Ukiwa nacho, na upasuaji ukaangukia ndani yake, bili yote ya 20,000 ni yenu.