Kapsheni ya methali na vina: maana yake na mahali pa kuweka bei

Kapsheni ya methali na vina ni maneno machache yanayowekwa chini ya picha ya bidhaa, ambayo hufungua kwa methali inayojulikana, huiendeleza kwa mstari wenye kina kilekile, kisha hueleza ofa kwa lugha ya kawaida. Tuchukue duka la nafaka la Mwanjelwa, jijini Mbeya, linalouza mchele wa Kyela kwa malipo ya awamu. Bei nimeziweka kwa mfano tu.

*Haba na haba hujaza kibaba,*
*weka akiba, na nyumbani mtashiba.*
*Mchele wa Kyela, mfuko wa kilo 25, shilingi 75,000. Unalipa 15,000 kila wiki kwa wiki 5, na unachukua mfuko ukimaliza malipo ya tano. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 30 Juni.*

Methali hii imefaa kwa sababu kibaba ni kipimo cha nafaka, na pia kwa sababu ofa yenyewe ni ya kulipa kidogo kidogo. Msomaji akiona "haba na haba" huimalizia mwenyewe moyoni, na hapo ndipo ukaribu unapozaliwa. Anayeibadilisha ikawa "haba na haba hujaza gunia" huharibu kina na kumnyima msomaji nafasi hiyo. Kina chenyewe kinastahili uangalifu, kwa maana maneno mengi ya Kiswahili huishia na irabu *a*, hivyo irabu ya mwisho peke yake haitoshi sikioni. Silabi nzima, *ba*, ndiyo inayoshikamanisha mistari, na kwa kuwa mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, "akiba" na "mtashiba" hupatana zaidi kwa kushirikiana *iba*.

Bei, kiasi na tarehe zisilazimishwe kuingia kwenye vina. Mwandishi anayetafuta kina huishia kwenye "bei ya huruma", ambayo haimwambii mtu aje na shilingi ngapi. Vilevile methali inaweza kuahidi kuliko duka: bila maneno "ukimaliza malipo ya tano", mteja anaweza kufika na 15,000 ya kwanza akitegemea kuondoka na mfuko. Kwa hiyo, kabla ya kuituma, funika mistari miwili ya juu na umpe mtu asiyelijua duka asome iliyobaki. Akiuliza bei au siku ya kuchukua mzigo, sehemu hiyo iandikwe upya. Mistari ya methali isizidi miwili, kwa kuwa Instagram huficha maneno ya chini mpaka msomaji abonyeze, na bei ikizama huko wengi hawataifikia.

Kuna methali ambayo wauzaji huipenda nami ningewashauri waiache, nayo ni "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Msomaji huimalizia hii pia, na nusu yake ya pili humkumbusha kwamba tangazo analolisoma ndiyo bidhaa inayojitembeza.